Mistari Mitano Chini ya Ukurasa

Mwana Kupona binti Mshamu alipokuwa akikamilisha utenzi aliomtungia binti yake, yapata mwaka 1858, alifanya jambo ambalo watunzi wengi wa tenzi walilizoea. Mawaidha yalipokwisha, alitenga beti chache za mwisho akaeleza ni nani aliyetunga. Alitaja jina lake na la baba yake, akautaja mji wa Pate alikozaliwa, akaandika na mwaka wa Hijria, 1275. Kuhusu nafsi yake hakuongeza mengi zaidi ya kwamba ni mja anayetaraji ukarimu wa Mola. Waliounakili utenzi ule walizinakili na beti hizo, na ndiyo sababu leo, baada ya zaidi ya karne moja na nusu, hatuna haja ya kubahatisha ni wa nani na ni wa lini.

Ule ni wasifu wa mshairi, na kwa macho ya mhariri ni wasifu uliokamilika. Una jina jinsi mwenyewe anavyolitaja, una mahali, una tarehe. Anayetaka kujua kama Mwana Kupona alikuwa hodari ameachiwa utenzi wenyewe, ausome aamue.

Nimehariri kurasa za mashairi katika jarida dogo la fasihi kwa miaka kumi na minane, na sehemu ninayoipigania kuliko zote ni ile ya mwisho, ya wasifu wa waandishi wa toleo. Ni mistari mitano au sita chini ya ukurasa, maneno hamsini mpaka sabini na tano. Mistari hiyo ina kazi mbili. Kwanza, imwonyeshe msomaji aliyeguswa na shairi wapi atampata mshairi huyu tena: kitabu gani, cha mwaka gani, kimetolewa na nani. Pili, imtegee sikio, ajue atakapompata asikilize nini. Kazi ya kwanza hufanywa na orodha ya machapisho, na ya pili hufanywa na sentensi moja au mbili kuhusu sauti. Sifa hazifanyi hata moja kati ya hizo, lakini ndizo zinazokula nafasi ya zote mbili.

Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao nauona wazi mpaka leo. Tuliandaa toleo lenye makala ndefu kuhusu *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, na nikajipa mwenyewe kazi ya kuandika wasifu wake mfupi wa kuwekwa chini ya makala. Nilikuwa nampenda mshairi huyu tangu shuleni, na mapenzi hayo yakaniponza. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Abdilatif Abdalla ni gwiji na nguli asiye na mfano katika ushairi wa Kiswahili, mwanamapinduzi jasiri na sauti ya wanyonge, ambaye alifungwa jela kwa sababu ya mashairi yake. Diwani yake mashuhuri *Sauti ya Dhiki* ilishinda tuzo kubwa na imesomwa na vizazi na vizazi. Ni mtunzi mahiri ambaye mashairi yake yenye mvuto wa kipekee yanagusa mioyo ya watu duniani kote."

Hayo ni maneno hamsini na kitu, na nilipoyapeleka kwa mhariri mwenzangu nilikuwa nimeridhika nayo. Alinirudishia karatasi akiwa amepigia mstari maneno manne tu: "kwa sababu ya mashairi." Pembeni aliandika swali: "Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi, nikayaandika. Ukweli ni kwamba Abdilatif alifungwa kwa waraka wa siasa, *Kenya: Twendapi?*, ulioandikwa kwa lugha ya nathari na kusambazwa mwaka 1968, ukihoji mwelekeo wa serikali ya wakati ule. Kifungo kilianza 1969, kikamalizika 1972. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* yalikuja baadaye. Aliyatunga akiwa ndani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na Oxford University Press ya Nairobi ikayatoa kitabu mwaka 1973, alipokuwa ameshatoka. Kwa hiyo nilikuwa nimeigeuza habari kichwa chini. Mashairi hayakumpeleka jela. Jela ndiyo iliyoyazaa mashairi.

Kosa hilo lilikuwa la maneno manne, lakini limebeba mengi. Msomaji anayeamini kwamba mtu alifungwa kwa mashairi haya atayasoma kama ushahidi wa kesi, akitafuta ubeti gani uliomkasirisha nani. Anayejua kwamba yalitungwa na mfungwa kwa siri atayasoma kama maneno ya mtu anayejisemesha asije akavunjika. Usomaji wa kwanza na wa pili haukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia kila neno la rasimu ile na kuliuliza swali lilelile: una hakika? "Gwiji", "nguli" na "mahiri" hayakuwa na jibu. Hakuna pa kwenda kuyathibitisha, na hakuna anayeweza kuyakanusha. Neno ambalo haliwezi kuwa na kosa haliwezi pia kumpa msomaji habari. "Sauti ya wanyonge" nilikuwa nimeliazima kutoka kwenye jina la diwani yenyewe bila kufikiri. "Tuzo kubwa" ilikuwa na jina na mwaka, nami nikavificha vyote viwili nyuma ya neno "kubwa": ni Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ya mwaka 1974. Ukiitaja kwa jina, msomaji ataona mwenyewe jambo ambalo hakuna kivumishi kingelisema vizuri zaidi, kwamba tuzo ile ilibeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshindi. Mhariri akianza kulieleza hilo, atakuwa amemnyang'anya msomaji nafasi ya kushtuka mwenyewe.

"Duniani kote" nilikuwa nimeliweka kwa sababu nilijua amefanya kazi nje ya Afrika Mashariki. Basi ningesema ni wapi. Baada ya kutoka kifungoni alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo kikuu; kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London; kisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, alikofundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Katika maneno sabini hazienei zote, na hapa mhariri hana budi kuchagua. Nilichagua Dar es Salaam na Leipzig, kwa sababu kazi ya lugha inamsaidia msomaji wa mashairi kuelewa kwa nini mtu huyu ni mwangalifu mno na neno la Kiswahili. Kazi ya redio ningeiweka katika wasifu wa maneno mia.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua zaidi ya hayo, nalo ni undugu. Abdilatif ni ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka 1971. Mtu wa pwani akitajiwa jina huuliza ni mwana wa nani, na si utovu wa adabu. Mwana Kupona mwenyewe alimtaja baba yake. Nikawa navutwa kumtaja Ahmad Nassir. Mwishowe sikumtaja. Katika mazungumzo ya barazani nasaba humweka mtu mahali pake, lakini katika mistari mitano ya jarida humwazimisha mwanga wa mwenzake, na kila mmoja wa ndugu hawa ana diwani yake ya kusimamia. Kama mashairi ya wote wawili yangekuwa katika toleo moja, ningeutaja undugu, maana hapo msomaji angetaka kujua.

Lilibaki suala la kifungo: kiwekwe wapi? Kukiacha ni uongo wa kunyamaza, kwani bila kifungo hakuna diwani. Kukitanguliza nako ni kumfanya mshairi awe mfungwa kwanza na mtunzi baadaye. Nilikiweka katikati ya sentensi, kikiwa kimeshikamana na jina la kitabu, na nikasoma kwa sauti mara tatu nne nione kama kinapiga kelele. Hakikupiga.

Sasa sauti. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na wakishindwa ndipo wanapokimbilia "mvuto wa kipekee". Njia ninayoitumia ni ya taratibu kidogo, lakini sijapata iliyo bora zaidi. Nachukua mashairi kumi ya mshairi, nayasoma kwa sauti mfululizo bila kalamu. Siku ya pili nayasoma tena nikiwa na kalamu, nikiandika vitu ambavyo mtu mwingine akiisoma kurasa hizohizo ataviona pia. Anatumia vina na mizani au anaandika mashairi huru? Lahaja gani? Nani anazungumza ndani ya shairi, na anamwambia nani? Vitu gani vinarudirudi? Sijiulizi kama ni mazuri. Kama yangekuwa mabaya yasingekuwa mezani kwangu.

Nilipofanya hivyo kwa *Sauti ya Dhiki* niliandika mambo machache. Vina na mizani vimeshikwa barabara. Lugha ni ya Mombasa, Kimvita, na mshairi haisawazishi ili imfae msomaji wa bara. Shairi refu kuhusu mnazi ni majibizano ya watu wawili wanaougombea, kila mmoja na hoja zake. Na kuna vitu vya kawaida vilivyopewa kazi nzito: kuna shairi la mamba, kuna la jipu, kuna la njia yenye utelezi. Ukisoma la mamba unaweza kulisoma lote ukidhani ni la mnyama wa mtoni, na ukilisoma mara ya pili ukijua limetungwa wapi, huwezi tena kudhani hivyo. Siasa imo, na haitajwi.

Hilo la mwisho ndilo nililolitafuta. Si sifa, kwa sababu ni jambo linaloonekana katika ukurasa. Mtu anaweza kufungua kitabu akaniambia nimekosea. Na linamsaidia msomaji mgeni, maana akifika kwenye jipu atajua asisome haraka.

Wasifu uliochapishwa ulikuwa huu:

"Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Ametunga *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* (1971) na *Sauti ya Dhiki* (Oxford University Press, 1973), diwani aliyoiandika akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 na iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Huandika kwa Kimvita, kwa vina na mizani. Katika mashairi yake mamba, jipu na njia yenye utelezi hubeba siasa ambayo mshairi haitaji. Ameshughulikia Kiswahili Dar es Salaam na Leipzig."

Ni maneno sabini. Baadaye nimeona kasoro yake: hakuna tafsiri. Abdilatif ndiye aliyeifasiri riwaya maarufu ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, ikaitwa *Wema Hawajazaliwa*, na kazi hiyo inastahili kutajwa kuliko mji mmoja kati ya ile miwili. Ningeuandika leo ningeutoa mmoja nikaiingiza. Jina nalo lazima liandikwe kama lilivyo kwenye jalada. Nimeshaona "Abdulatif", "Abdul Latif" na "Abdullah" katika magazeti, na kila umbo jipya ni mlango uliofungwa kwa anayetafuta kitabu maktabani. Shaaban Robert naye hupata "Shabani", na Kezilahabi huwekewa "Euphrace" pahala pa Euphrase. Mhariri asikisie jina. Afungue kitabu aangalie.

Nimemtaja Kezilahabi, na kwake kuna mtego wa aina nyingine ambao nausema kwa kifupi. Wasifu wake unaoletwa na wachangiaji wetu karibu kila mara humwita mwanzilishi wa ushairi huru wa Kiswahili. Diwani yake *Kichomi* ilitoka mwaka 1974, na ni kweli kwamba iliwatikisa waliodai shairi lisilo na vina si shairi. Lakini Ebrahim Hussein naye alikuwa akiandika bila vina na mizani katika miaka hiyohiyo. "Wa kwanza" ni dai la historia, halifai kukatiwa shauri katika mistari mitano. Andika kwamba *Kichomi* (1974) ni ya mashairi huru, kisha taja *Karibu Ndani* (1988) na *Dhifa* (2008), na msomaji atakuwa amepata njia nzima ya kumfuata mshairi kwa miaka thelathini na zaidi.

Upande wa machapisho, hatari iko kwenye kitenzi. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha mambo ambayo mshairi mwenye hamu hupenda kuyachanganya. Shairi limechapishwa. Shairi limekubaliwa. Mswada umepelekwa kwa mchapishaji. Mswada umekubaliwa na mkataba umetiwa saini. Kitabu kiko mitamboni. Kila moja ni hali yake, na kati ya moja na nyingine panaweza kupita miaka. Wakati fulani nilimruhusu mshairi mmoja aandike kwamba diwani yake "inatoka mwakani". Alikuwa na barua ya mchapishaji, na nilimwamini kwa sababu yeye mwenyewe aliamini. Mwaka ukapita, mchapishaji akabadilisha mipango, kitabu hakikutoka. Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alikwenda duka la vitabu mara mbili kukiulizia, kisha akaniandikia barua ya upole akiuliza kama amekosea jina. Barua ile niliibandika ukutani juu ya meza yangu. Tangu siku hiyo, kitabu ambacho hakijashikwa mkononi hakiingii katika wasifu, isipokuwa mshairi hana chapisho jingine lolote, na hata hapo tunaandika "anaandaa diwani" na kuishia hapo.

Na tuzo ni vivyo hivyo. Kushinda ni jambo moja, kuingia orodha fupi ni jingine, na kushiriki si habari. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada pamoja na vitabu, kwa hiyo mtu anaweza kupata tuzo kwa mswada na mswada huohuo ukaja kuwa kitabu. Ukiviandika katika sentensi mbili mbalimbali, msomaji atahesabu kazi mbili. Iandike sentensi moja.

Lakini si kila shairi la Kiswahili hufika kwa watu kwa njia ya karatasi, na hapa kanuni nilizozitaja huhitaji kunyooshwa. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021, alikuwa ametunga nyimbo za taarabu kwa miaka mingi kabla diwani yake *Kimbunga* haijatolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Mhariri aliyekuwa na mashairi yake mezani mwaka 1990 na kusema "huyu hana machapisho" angekuwa amesema kweli ya karatasi na kukosa kweli ya watu. Angepaswa kuandika kwamba yameimbwa.

Miaka mitatu iliyopita nililetewa mashairi sita na dada mmoja wa Tanga. Yalikuwa mashairi ya mizani kumi na sita kwa mstari, nane na nane, vina havikuyumba mahali popote, na tulichagua mawili. Nikamwomba wasifu. Alituma mstari mmoja: "Ni mshairi chipukizi anayependa kusoma na kusafiri." Nikampigia simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, binti yangu? Nimepata wasifu wako. Sasa niambie, mashairi yako yamewahi kusikika wapi?"

Akakaa kimya kidogo. "Hayajachapishwa popote, mwalimu. Ndiyo maana nimeandika hivyo."

"Sikuuliza yamechapishwa wapi. Nimeuliza yamesikika wapi."

Basi hapo akafunguka. Matatu yalisomwa katika kipindi cha mashairi cha redio. Mawili yaliimbwa na kikundi cha taarabu cha mtaani kwao, moja kwenye harusi ya binamu yake, la pili katika ukumbi, watu wakatunza. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasita tena.

"Nashona, mwalimu. Nina cherehani yangu kibarazani. Lakini hilo tusiliandike, tafadhali. Watu watasema fundi cherehani naye amejifanya mshairi."

Nilikuwa na mashairi yake mbele yangu. Katika moja, mke aliyeachwa anazungumza na nguo aliyoishona kwa ajili ya harusi yake, na kila ubeti una neno la kazi ile: pindo, bitana, lisani, mshono uliofumuka. Katika jingine, mama anamfundisha binti kupima kwa futikamba na binti anapima umbali wa nyumba ya mchumba. Nikamsomea beti hizo mwenyewe kwenye simu, maneno yake, nikamuuliza nani angeweza kuyajua hayo asiyeshona. Nikamwambia kazi ya mtu haiingii katika wasifu kwa ajili ya heshima wala huruma. Ualimu, uanasheria, ufundi, vyote sawa kwangu. Kama havimo katika mashairi siviweki. Kama vimo, msomaji ana haki ya kujua vimetoka wapi. Mshairi wa Tumbatu aliyekuwa mvuvi na baharia, ukiificha bahari yake utakuwa umeficha nusu ya msamiati wake.

"Basi liandike," akasema. "Lakini usiandike 'chipukizi', mwalimu. Nina miaka arobaini na mmoja."

Alikuwa sahihi, na nilipaswa kuliona kabla yake. "Chipukizi" ni sifa iliyogeuzwa upande wa pili: inamwomba msomaji amvumilie mtu, kama vile "gwiji" inavyomwamrisha amsujudie. Nikalifuta, na pamoja nalo nikafuta kusoma na kusafiri, kwa kuwa nilipomuuliza amesafiri wapi alicheka akasema Korogwe na Muheza.

Niliandika wasifu usemao kwamba ni fundi cherehani mkoani Tanga; kwamba mashairi yake yamesomwa redioni na mawili yameimbwa na kikundi cha taarabu; kwamba hutunga kwa mizani kumi na sita, na katika mashairi yake wanawake husemezana kwa lugha ya sindano na kitambaa; na kwamba haya mawili ndiyo ya kwanza kuchapishwa. Nikamsomea kabla ya kwenda mitamboni, kama ninavyomsomea kila mshairi, kwa sababu hakuna anayepaswa kujisoma kwa mara ya kwanza pamoja na wageni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama naweza kubadilisha neno moja tu. Nilikuwa nimeandika Tanga, naye cherehani yake iko Pongwe, na wateja wake wote wanajua hivyo. Nikakata Tanga, nikaandika Pongwe.